Kijiji Kisichoonekana Magazetini

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Kasanda, aliniletea pendekezo la utafiti juu ya manamba, yaani vijana wa Kiha waliosafirishwa hadi Tanga kukata mkonge. Babu yake alikuwa mmoja wao. Baada ya wiki mbili za kupekua magazeti ya zamani mtandaoni alirudi akiwa amenywea. "Mwalimu, Kasanda haimo." Nakiri kwamba nilimshauri abadili mada. Nilikosea.

Alikuwa ameandika "Kasanda" na kuletewa habari za Kassanda ya Uganda. Kasanda yetu leo imo katika Wilaya ya Kakonko, lakini wilaya hiyo ilizaliwa 2012. Kabla ya hapo ilikuwa Kibondo, na gazeti la zama za Mwingereza liliweza kuandika "Buha" tu, au Western Province, ambayo makao yake yalikuwa Tabora. Hata jina la Waha ni mtego. Kwa Kiingereza huandikwa Ha, na baadhi ya mitambo ya kutafuta hupuuza neno la herufi mbili.

Tulipoacha kutafuta kijiji tukatafuta mwajiri, mambo yalibadilika. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi ya kuajiri vibarua, SILABU, na Buha ilikuwa miongoni mwa sehemu walikochota watu. Watu wa Kasanda walikuwa wamejificha katika habari za Tanga na Korogwe, chini ya vichwa vya habari kuhusu upungufu wa vibarua na bei ya katani.

Hata hivyo nilimkataza kuandika "magazeti hayakusema" kabla ya kukagua mambo mawili. Kwanza, orodha ya matoleo: je, gazeti la mwezi huo lilipigwa picha, au halimo kabisa? Pili, usomaji wa mashine. Alichagua ukurasa uliofifia, akalisoma kwa macho neno "Waha", kisha akalitafuta neno hilohilo. Mashine haikuliona, ilikuwa imelisoma "Waba". Tangu siku hiyo alitafuta kwa maneno yote mawili, na miezi yenye picha mbaya aliipitia ukurasa kwa ukurasa.

Lipo pengo jingine ambalo ujanja huo hauliponyi. Tanganyika Standard, lililoanza 1930, lilisomwa zaidi na wazungu, wakiwamo wenye mashamba, nalo liliwahesabu vibarua kama mzigo uliofika au uliochelewa. Nani alilima mtama Kasanda wakati wanaume hawapo? Hakuna aliyetumwa kuuliza.

Likizo ilipofika kijana alirudi nyumbani na daftari. Bibi yake alimtolea kipande cha babu, kile cha kuwekea alama za siku thelathini za kazi, kisha akaanza kumtajia, shamba kwa shamba, alichopanda mwenyewe katika miaka ile.