Ombi namba 47

Nilipokuwa Kibondo, mtandao ulikaribia kuninyima kazi ya kukagua msimbo. Mwenzangu wa Kasulu alikuwa akiandika programu ya daftari la dawa za zahanati, nami nikiyakagua mabadiliko yake kabla hayajaunganishwa. Kila nilipofungua ukurasa wa ombi lake la kuunganisha, bando lilikatika kabla sijamaliza kusoma. Akanipigia: "Kaka, bado tu?" Iliniuma, kwa sababu kazi yake ilikuwa nzuri na mimi ndiye niliyeizuia.

Kilichonivusha ni kuacha kuusoma ukurasa ule. GitHub huliweka kila ombi kwa namba yake, na git huleta vile tu ambavyo kompyuta yangu haina, tena vikiwa vimebanwa. Ombi namba 47 nililivuta alfajiri, kabla mtandao haujaelemewa:

```
git fetch origin main pull/47/head:pr-47
git diff --stat origin/main...pr-47
```

Ukikatika katikati, git huanza upya, ndiyo maana nachagua saa. Amri ya pili haitumii mtandao, lakini naiendesha kabla sijazima data, kwa kuwa inaonyesha mafaili yaliyoguswa. Likiwemo `package.json`, huenda kuna maktaba mpya ambazo git haileti. Hizo nazipakua papo hapo, baada ya `git switch pr-47`, la sivyo programu itagoma nikiwa sina mtandao. Nukta ni tatu kwa makusudi: zinaonyesha alichoongeza mwenzangu tangu tawi lake litoke kwenye `main`. Kwa nukta mbili, kazi ya wengine iliyoingia baadaye ingeonekana kama yeye ameifuta.

Nikazima data, nikasoma bila haraka, kisha nikahamia tawi lake kwa `git switch pr-47` na kuiwasha programu. Kuiwasha ndiko kulikonifaa zaidi, kwani kwa macho msimbo ulikuwa safi. Orodha ilitakiwa kutanguliza dawa inayokaribia kuisha muda. Nilipoingiza 31/01/2025 na 05/12/2026, ya mwaka 2026 ikatangulia. Tarehe zilikuwa zikipangwa kama maandishi, siku kwanza, na 05 hutangulia 31. Mhudumu wa zahanati angetoa dawa ya mbali, huku ya karibu ikiozea rafuni.

Maoni niliyaandika kwenye faili la kawaida: jina la faili, mstari, na namba ya toleo nililosoma kutoka `git rev-parse --short pr-47`. Bila namba hiyo, mistari ikisogea hatujui tunazungumzia nini. Nikamtumia kama ujumbe mfupi wa simu.

Aliporekebisha, sikuanza kusoma upya. Nililivuta ombi lilelile kwa jina jingine, nikalinganisha na lile la kwanza:

```
git fetch origin pull/47/head:pr-47b
git diff pr-47 pr-47b
```

Ilitoka mistari michache: tarehe sasa zinahifadhiwa mwaka kwanza, na kuna jaribio linalotumia tarehe zangu mbili. Nikaidhinisha siku hiyohiyo.