Kichwa kwa Koko

Agosti ya 1989, shule zikiwa zimefungwa, mama alinifungia kilo mbili za sukari na majani ya chai kwenye kitambaa, akaniambia, "Nenda ukamsalimu koko." Koko ni bibi kwa Kimaasai. Nilikuwa na miaka minane, na ndiyo mara yangu ya kwanza kwenda peke yangu. Mama ni Mmaasai, baba Mkikuyu. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, kama nyumba nyingi za Mau Narok zilizochanganyika.

Njia ilipita katikati ya ngano ambayo bado ilikuwa mbichi. Baridi ya kule asubuhi hukata masikio, na umande ulinilowesha hadi magotini. Karibu na daraja la miti nikakutana na mzee akichunga kondoo, blanketi limemfunika mpaka kidevuni. Nikamnyooshea mkono, kama nilivyozoea kwa cucu, mama yake baba. Hakuupokea.

Akasema, "Nakerai, takwenya!"

Nikajibu, "Ipa!" Ndilo neno nililowasikia kaka zangu wakijibu, nami nilidhani ni la watu wote.

"Hapana, mwanangu," akasema kwa Kiswahili, taratibu. "Ipa ni ya wanaume. Mwanamume anaambiwa supa, anajibu ipa. Mwanamke anaambiwa takwenya, anajibu iko. Wewe ni nani?"

"Ni msichana."

"Basi?"

"Iko."

Akanirudishia salamu mara tatu, nami nikajibu mara tatu, kondoo wakizidi kutangulia. Kisha akaniuliza kichwa changu kiko wapi. Sikuelewa. Akaeleza kwamba mtoto hampi mzee mkono, humpa kichwa. Anamsogelea, anainama, anangoja aguswe utosini. Mzee ndiye anayeanza, si mtoto. Hapo nikakumbuka kiganja cha mama kisogoni mwangu kila tulipofika kwa koko. Miaka yote hiyo nilidhani ananiweka sawa tu, kumbe alikuwa akinisalimisha.

Nikainama. Akanigusa, akaenda zake.

Koko alikuwa amekaa mlangoni, akisugua ndani ya kibuyu cha maziwa kwa kijiti kilichochomwa ncha, ule mkaa unaoyapa maziwa harufu ya moshi. Nilitaka sana kumwita. Niliweka mzigo chini, nikamkaribia, nikainama, macho yangu yakitazama vidole vyake vya miguu na vumbi la mkaa lililovidondokea. Alichelewa kidogo, nadhani alikuwa akifuta mkono. Kisha nikauhisi utosini, mzito, una joto.

"Nakerai, takwenya."

"Iko."

Hakuuondoa mkono upesi. Akaniuliza jambo refu, nikasikia neno yeyo, mama, nikajua anamuulizia binti yake. Kimaasai changu kilikuwa kimeishia pale. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba mama ni mzima, na kwamba sukari ni kilo mbili.