Thelathini Katika Nini?

Sisi waalimu wa shule moja tulichanga fedha, kila mtu kwa kadiri yake, tukafungua duka dogo la sabuni, sukari, chumvi na madaftari. Bidhaa za kwanza zilitugharimu Sh. 1,000,000. Tukapatana kuongeza 30 kwa mia juu ya bei ya kununulia. Tena, kwa kuwa tulidhani faida yetu ni 30 kwa mia, tukaagiza kwamba katika kila Sh. 100 za mauzo, Sh. 30 zitolewe kwa pango, mshahara wa mwuzaji na gawio letu, na Sh. 70 zirudi kununua bidhaa.

Bidhaa zilipokwisha kuuzwa na kununuliwa mara tatu, robo ya rafu zilikuwa tupu, na bei za jumla hazikupanda hata kidogo. Basi tukamshuku kijana auzaye, tukamwita mbele yetu sote. Naye akaweka daftari lake mezani, akasema kwa adabu, "Waalimu, hesabuni wenyewe." Tukahesabu, kila shilingi ilikuwapo. Kumbe mwizi alikuwa kanuni yetu!

Maana kitu tulichonunua kwa Sh. 1,000 tulikiuza kwa Sh. 1,300. Faida ni Sh. 300, nazo ni 30 kwa mia ya bei ya kununulia. Lakini fedha zilizomo sandukuni ni bei ya kuuzia. Na 300 katika 1,300 ni kama 23 tu kwa mia. Sisi tulitoa 30 kwa mia ya Sh. 1,300, yaani Sh. 390. Zile 90 zilizozidi hazikuwa faida. Zilikuwa mtaji wenyewe. Zikabaki Sh. 910 kununua kitu cha Sh. 1,000. Ndivyo milioni yetu ilivyokuwa 910,000, kisha 828,100, kisha kama 753,600.

Atakaye faida ya 30 katika kila mia ya mauzo, yampasa kujua kwamba bei ya kununulia itakuwa 70 katika mia hiyo. Basi na aigawanye kwa 70, kisha azidishe kwa 100: kitu cha Sh. 1,000 kitauzwa kwa Sh. 1,430 hivi, nayo ni nyongeza ya kama 43 kwa mia. Sisi hatukuweza, kwani duka la jirani huuza kwa Sh. 1,300, na wanunuzi wana miguu. Tukaiacha bei ilivyokuwa, tukatoa 23 tu katika kila mia, na gawio letu likapungua.

Ajaribuye kanuni yake na auze katoni moja ya sabuni peke yake, atoe atakachotoa, kisha atazame kama fedha zilizosalia zaweza kununua katoni nyingine. Zisipotosha, anakula mtaji.

Kijana yule tulimwomba radhi mbele ya wale wale tuliomshuku mbele yao. Na tangu siku hiyo, mtu akitutajia thelathini kwa mia, twamwuliza kwanza: mia ya nini?