Majina Yaliyovikwa Herufi za Kigeni

Mjomba wangu alisoma Urusi katika ujana wake, akarudi na mapenzi ya nyimbo za nchi ile. Siku moja alinikabidhi faili zake akasema, "Mpwa wangu, sauti ni zile zile, lakini majina siyatambui." Nilitazama. Mahali pa kundi la `Кино` palisomeka `Êèíî`, na albamu yao ya 1988, `Группа крови`, iliitwa `Ãðóïïà êðîâè`. Mzee alijua Kirusi, lakini kila alipoandika jina la wimbo autafute, hakupata kitu.

Kompyuta haihifadhi herufi, huhifadhi namba. Jina lile la kundi lilikuwa namba nne: CA, E8, ED na EE. Katika jedwali la Kirusi liitwalo `cp1251`, CA ni `К`. Katika jedwali la Ulaya Magharibi, `latin-1`, CA ni `Ê`. Mwandishi wa lebo alitumia jedwali la kwanza, lebo ikatangaza la pili. Basi hakuna kilichopotea. Dawa ni kuzigeuza herufi ziwe namba tena kwa jedwali lililokosea, kisha kuzisoma namba hizo kwa jedwali la haki:

```python
"Êèíî".encode("latin-1").decode("cp1251")
```

Jibu lilikuwa `Кино`. Kwa furaha nikaziamuru faili zote kwa pamoja:

```
mid3iconv -e cp1251 *.mp3
```

Amri hii husahihisha majina na kuyaandika upya katika Yunikodi, pamoja na tangazo la kweli la jedwali, hata asiwepo tena wa kubahatisha. Lakini haraka yangu haikuwa na baraka. Miongoni mwa faili zile zilikuwamo nyimbo chache za Kifaransa ambazo majina yake yalikuwa sahihi tangu awali. `É` ni C9, na C9 kwa Kirusi ni `Й`; basi `Édith Piaf` akageuka `Йdith Piaf`. Amri haikujua lugha, ilitii tu. Heri nilikuwa nimeweka nakala. Niliirudisha, nikazitenga za Kifaransa, kisha nikaanza na `-d`, ambayo huonyesha matokeo, pamoja na `-p`, ambayo huzuia kuandika chochote. Niliposoma majina yote na kuridhika, ndipo nilipoiondoa `-p`.

Zilibaki nyimbo tatu zenye `????`. Hizi hazikuwa na dawa ile. Programu fulani ya zamani ilishindwa na herufi, ikaweka alama ya kuuliza mahali pa kila moja. Namba zenyewe zilikuwa zimefutwa, na kisichokuwapo hakisomeki kwa jedwali lolote.

Nilimpigia mjomba nyimbo zile tatu. Alifumba macho, akazitaja mojamoja, nami nikaandika.