Kwa Mpwa Wangu Aliyepata Umbo la Jian

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na namba ulizoandika pembeni nimeziona: 8, 8, 9, 8, 7, 7. Umefurahi kwa sababu sarafu zimekupa umbo la 53 la Yijing, yaani Jian, lile la kusogea polepole, na hukumu yake yasema kuolewa kwa binti ni heri. Sasa unataka wewe na yule binti unayemchumbia mkaandikishe ndoa hapo Nanjing kabla mwezi haujaisha, wazazi wake kule Suzhou waambiwe baadaye. Mwanangu, umesoma hukumu ukaishia hapo. Nakuomba tusome pamoja yaliyobaki.

Mistari mitatu ya chini ya umbo lako ni mlima, mitatu ya juu ni mti. Mti unaoota mlimani huchukua miaka, lakini ukishakua huonekana toka mbali. Kisha kila mstari unamtaja bata bukini wa mwituni: yuko ukingoni mwa maji, anapanda mwambani, anafika nchi kavu, anatua mtini, anafika kilimani. Bata huyo hakuingia humo kwa bahati. Katika Yili, kitabu cha kale cha taratibu za Wachina, ndoa ilikuwa na hatua sita, na katika tano kati ya hizo upande wa mume ulikwenda na bata bukini, ndege asiyekosea msimu wake wa kuhama. Hatua ya nne tu ndiyo ilikuwa na zawadi nyingine: hariri nyeusi na nyekundu, na ngozi mbili za paa.

Hapa pana jambo ambalo naona limekupita. Kupiga ramli kulikuwamo katika hatua hizo, lakini mahali pake palijulikana. Kwanza mjumbe alipeleka posa, ikipokelewa akauliza jina la binti, na jina hilo ndilo lililopelekwa kwenye hekalu la mababu wa mume kuulizwa. Wewe umerusha sarafu peke yako, usiku, kabla mtu yeyote hajabisha hodi kwao.

Sasa tuitazame ile 9. Mistari huhesabiwa kutoka chini, kwa hiyo ni mstari wa tatu, nao ndio pekee unaobadilika. Zhu Xi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1200, alifundisha kwamba mstari mmoja ukibadilika, maneno ya mstari huo ndiyo ya kufuatwa. Na maneno yake ni mazito: bata amefika nchi kavu, mume ameondoka asirudi, mke ameshika mimba asiweze kuilea. Ni shari.

Kwa nini iwe shari ndani ya umbo la heri? Wang Bi, aliyeishi karne ya tatu, alilieleza vizuri kuliko wote niliowasoma. Kila mstari wa chini una mwenzake juu: wa kwanza na wa nne, wa pili na wa tano, wa tatu na wa sita. Wakipatana, mmoja huwa mzima na mwingine umekatika katikati. Wa tatu wako ni mzima na wa sita ni mzima, hivyo hauna mwenzi. Basi unaungana na wa nne uliokatika, kwa sababu tu uko jirani. Wamekutana kwa kuwa karibu, hawakukutana kwa kustahiliana.

Uangalie na wa tano. Wenzi halisi wa umbo hili ni wa pili na wa tano, lakini wa tatu na wa nne wamesimama katikati yao. Maneno ya wa tano yasema mke anakaa miaka mitatu bila mimba, na bado mwisho wao ni heri, hakuna kinachowashinda. Walioungana upesi wamepewa shari, waliocheleweshwa wamepewa heri. Hilo ndilo lililonifanya nikuandikie usiku huu huu.

Mstari wako ukishabadilika, umbo linakuwa la 20, Guan, umbo la kutazama. Sikuambii kwamba sarafu zinakujua. Katika kila mrusho 9 hutoka mara moja katika nane, na ingeweza kuangukia mstari mwingine. Lakini wewe ndiye uliyeuliza kitabu, na mimi nakuuliza kwa maneno yake: binti huyu unamtaka yeye, au umechoka kuwa mpweke katika mji wa ugenini, naye ndiye aliye karibu? Ukiwa na jibu la kweli, hutaogopa kusubiri.

Kwa hiyo usiende kuandikisha mwezi huu. Muulize binti siku inayowafaa wazazi wake, mwende Suzhou pamoja, umchukue na mtu mzima anayekufahamu akusemee. Wakikwambia ngoja, ngoja. Mama yako nitazungumza naye mimi, ila nataka kwanza unijibu lile swali.

Mimi mjomba wako akupendaye.