Usingizi wa Vipande

Mwaka 1992 tulikuwa vijana watatu, mafundi cherehani katika kibanda kimoja Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Narung'ombe. Waliotuuliza kwetu ni wapi tuliwajibu kwamba ni Kigoma. Haikuwa kweli. Wazazi wetu walikimbia Burundi mwaka 1972, na sisi tulikulia katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu na Katumba. Sheria ilimtaka mkimbizi asitoke kwenye makazi bila kibali. Sisi tulipanda treni ya reli ya kati bila kibali, tukiwa na anwani ya fundi mmoja, ndugu katika imani, aliyekubali kutupokea.

Kigoma tuliichagua kwa sababu Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana. Mtu akisikia tunavyochanganya "l" na "r" husema, "Hawa Waha," yakaisha. Mchana uongo huo ulitutosha. Usiku ndio ulitupa hofu, maana mtu aliyelala hachagui maneno yake, na mmoja wetu alikuwa na tabia ya kumwita mama yake usingizini.

Kazi ya kwanza ilikuwa kushona, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Malipo yalikwenda kwa kila nguo, na nusu yalibaki kwa mwenye cherehani. Kwa hiyo tulitafuta kazi ya pili, nayo ilikuwa mlangoni kwetu. Malori ya kabichi, viazi na vitunguu yalikuwa yakiingia kuanzia saa nne usiku, na wafanyabiashara walitaka watu wa kushusha magunia hadi alfajiri. Wawili wetu walikwenda sokoni na wa tatu alibaki kulinda kibanda. Kila usiku tulibadilishana.

Chumba hatukuwa nacho. Tulilala kibandani, juu ya godoro moja la futi tatu na nusu lililowekwa katikati ya cherehani mbili. Wawili walilala mzungu wa nne, huyu kichwa huku na yule kule, na wa tatu alitandika maboksi chini ya meza ya kukatia. Mlango ulifungwa kwa ndani, joto likabaki nasi. Nguo za wateja zilikuwa mto wetu, jambo ambalo wateja hawakulijua.

Tulijiona hodari wa hesabu. Mwenye zamu ya soko alilala saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa tatu na nusu usiku. Akirudi saa kumi alfajiri alilala tena hadi saa moja asubuhi. Tulijumlisha: masaa matatu na matatu, jumla sita. Tukasema mtu mzima anahitaji nini zaidi?

Kosa letu lilikuwa kuhesabu masaa bila kuhesabu vipande. Jioni mapema, hata mtu aliyechoka, mwili wake bado uko macho. Tulijilaza tukisikia wapiga debe na redio za jirani, na usingizi ulipoanza kuwa mzito ilikuwa saa ya kuamka. Alfajiri jasho lilikuwa bado halijakauka, adhana ilikuwa inaanza, kisha wafagiaji, kisha wauza chai. Kati ya masaa sita tulipata labda manne, nayo hayakuungana. Aliyebaki kulinda naye aliamshwa saa kumi ili awafungulie wenzake.

Dalili zilikuja polepole. Kwanza tulianza kugombana kuhusu vitu vidogo, kama nani amepoteza mkasi. Kisha mmoja wetu alishona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja. Baadaye tuligundua kwamba mtu anaweza kulala macho yakiwa wazi: mguu unaendelea kukanyaga cherehani, kitambaa kinaendelea kwenda, na ghafla unaona mshono umepinda na hukumbuki ulivyofika hapo. Sindano ilipopita kwenye kucha ya mwenzetu tulifunga kitambaa tukaendelea.

Ijumaa tulikwenda kwenye mkesha kanisani. Tulipenda mkesha, na sasa tunaweza kukiri sababu mojawapo. Benchi la nyuma lilikuwa refu, na mtu akiinamisha kichwa humjui kama anaomba au amelala.

Kisha likatokea lile la gauni. Binti wa kanisani kwetu alikuwa anaolewa Jumamosi. Alhamisi mchana mwenzetu mdogo alikuwa akilipiga pasi ya mkaa, akiwa ametoka sokoni usiku wa pili mfululizo. Alisimama wima, mkono juu ya pasi, akalala. Harufu ndiyo iliyotuamsha sote. Alama ya pasi, yenye umbo kamili la pasi, ilikuwa imebaki kifuani pa gauni.

Tulifikiria kutoroka. Mama wa bibi harusi angeweza kwenda polisi, na polisi wangeuliza kwetu ni wapi. Lakini kitambaa kilikuwa chake, na tulikuwa tumeimba naye. Jioni tukaenda watatu, tukalitandaza gauni mbele yake.

Alikaa kimya kwa muda mrefu. Alikuwa muuguzi, amefanya zamu za usiku kwa miaka mingi. Hakuuliza nani amelipa nini. Alimtazama yule mdogo akasema, "Mwanangu, wewe unalala saa ngapi?"

Hakuna mtu Dar es Salaam aliyewahi kutuuliza hivyo. Tulimweleza hesabu yetu. Tulipofika kwenye swali la kwa nini tunalala kibandani, tukamweleza na lile lingine, la Ulyankulu na Katumba. Alisema, "Hilo wazee wa kanisa tunalijua siku nyingi. Tulikuwa tunangoja mseme wenyewe."

Usiku ule tulikata sehemu ya kifua, tukaweka kipande cha lesi alichokitoa sandukuni mwake. Yeye akatupangia usingizi kama anavyopanga zamu wodini. Tuyaache malori ya mwanzo. Tulale saa tatu usiku hadi saa nane, masaa matano bila kukatwa, ndipo twende kwa malori ya mwisho. Mchana kila mmoja alale nusu saa kwa zamu. Na kupokezana kusiwe kwa usiku, kuwe kwa wiki, ili kila mtu apate wiki nzima bila soko na mwili ujue saa yake. Pato la soko lilipungua kwa kama theluthi moja, na njaa tuliijua tena. Lakini mishono ilinyooka, na wateja waliongezeka.

Alitukumbusha pia habari za Eliya chini ya mretemu, katika Wafalme wa Kwanza sura ya 19. Nabii aliomba kufa. Malaika hakumhubiria wala hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akampa tena. Sauti ya Mungu ilikuja baadaye, kwa mtu aliyekwisha kulala. Sisi tulikuwa tunaomba nguvu za kukesha zaidi, na hatukuwahi kuomba usingizi, kwa kuwa tuliona aibu.

Mwaka 2014 serikali ya Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 miongoni mwa wakimbizi wa 1972 na watoto wao. Tulikuwa tumeshazeeka kidogo. Yule mdogo wetu sasa ana wanafunzi wa ushonaji. Kijana akija kuomba kazi, hamuulizi kwao ni wapi. Anamuuliza analala wapi, na saa ngapi.