Bondo la sangara kwa Kichina

Haya wadau, nimerudi Mlimani salama. Kabla vipindi havijanibana, ngoja niwasimulie kazi iliyonila likizo nzima kule Mwanza, maana wengi mnaniuliza "hicho Kichina unachosoma utakifanyia nini?"

Shangazi yangu anauza mabondo ya sangara. Kwa msiotoka Kanda ya Ziwa: bondo ni ule mfuko wa hewa tumboni mwa samaki, unaomsaidia kuelea. Sisi twala mnofu, Wachina wanapika bondo kavu supu, na wanalipa pesa ndefu kwelikweli. Kuna mnunuzi wa Guangzhou aliyesema hatumi malipo ya awali mpaka aone karatasi mbili kwa Kichina: cheti cha ubora ambacho kampuni ya shangazi inatoa kwa kila mzigo, na maelezo ya bidhaa. Zote zilikuwa kwa Kiswahili, kwa sababu wanaozijaza ni wale wale wanaokausha na kupima. (Cheti cha afya cha serikali sikukigusa. Kile kina fomu yake na mamlaka inayokitoa, mtafsiri hana la kuongeza pale.)

Ukurasa mmoja na nusu tu. Nikajua jioni nimemaliza. Thubutu!

Jina la bidhaa lenyewe lina mitego. Ukienda na kamusi, bondo utaliita kibofu cha samaki, na ukitafuta "kibofu" kwa Kichina unapewa 膀胱, yaani kibofu cha mkojo. Hebu fikiria mtu anafungua cheti cha chakula anakuta hiyo! Neno la kitaalamu ni 鱼鳔, na bondo likishakauka sokoni wanaliita 花胶, hutamkwa huajiao. Sasa ukiandika "huajiao" kwenye kompyuta, linaloweza kutangulia ni 花椒, ambayo ni pilipili ya Sichuan. Matamshi yale yale, toni zile zile, herufi moja tu tofauti. Kwa hiyo nikaandika majina yote mawili, 干鱼鳔(花胶), na mbele yake jina la samaki, 尼罗尖吻鲈, pamoja na jina la kisayansi Lates niloticus, ambalo halitafsiriwi. Ukiishia kuandika 鲈鱼 peke yake, Mchina anaweza kufikiria samaki mwingine kabisa wa kwao.

Mstari uliofuata: "Samaki wa maji baridi." Kwetu hata mtoto wa darasa la nne anajua maana yake ni maji yasiyo na chumvi. Lakini ukitafsiri neno kwa neno unapata 冷水鱼, na hao ni samaki wa maji ya baridi kweli, kama samoni. Ziwa Victoria na baridi wapi na wapi? Inayotakiwa ni 淡水捕捞, kuvuliwa kwenye maji yasiyo ya chumvi. Na si suala la kupamba karatasi, kwa sababu kanuni za China za usalama wa chakula kinachoingia nchini mwao, zilizoanza tarehe 1 Januari 2022, zinataka kifungashio cha mazao ya majini kionyeshe kama yamevuliwa baharini, yamevuliwa maji baridi, au yamefugwa. Cheti kikisema hivi na boksi likasema vile, mzigo unakwama.

Hapo bado sijafika kwenye namba, na namba ndizo zilizonikosesha usingizi.

Maelezo ya shangazi yalisema "vipande 10 kwa kilo", maana yake kila bondo lina gramu 100 hivi. Mnunuzi yeye anahesabu kwa 头, "vichwa", yaani idadi ya vipande katika jin moja. Jin ya China bara ni gramu 500. Kwa hiyo bondo la shangazi ni la vichwa 5, siyo 10. Ukinakili ile 10 kama ilivyo, umemwambia mnunuzi kwamba bondo lina gramu 50, na bondo dogo bei yake kwa kilo iko chini sana. Shangazi angeuza mabondo makubwa kwa bei ya madogo kwa sababu ya tarakimu niliyoiacha bila kuigusa.

Halafu kuna Hong Kong. Jin ya kule ya zamani, ambayo wauza vyakula vikavu bado wanaitumia, ina karibu gramu 605. Mtu wa Hong Kong akisoma "vichwa 5" anategemea bondo la gramu 121. Akipokea la gramu 100 atasema ameibiwa. Kwake lile lile ni la vichwa 6. Mzigo wetu ulikuwa unakwenda Guangzhou, lakini nani anajua utauzwa wapi baadaye? Nikaandika vichwa 5, nikaeleza hapo hapo kwamba jin ni ya gramu 500, na gramu 100 za kila kipande nikaziacha zisomeke. Na kila penye kilo nilikagua mara mbili, kwa sababu kilo ni 公斤 na jin ni 斤. Herufi moja ikidondoka, mzigo umepungua nusu.

Sasa njoo kwenye sehemu tuliyobishana. Cheti kiliandikwa "Halina salmonela." Nikaomba majibu ya maabara. Yalisema salmonela "haikugundulika" katika gramu 25. Shangazi akaniambia, "Mwanangu, si kitu kimoja?" Sio kitu kimoja. Maabara inasema haikuona katika sampuli ile iliyopimwa, haisemi haipo kwenye gunia zima. Kichina wana neno lake rasmi, 未检出, na mkaguzi yeyote wa kule analijua. Ukiandika "halina kabisa", umeahidi kitu ambacho hata maabara yenyewe haikuahidi, na siku kipimo cha kule bandarini kikileta jibu tofauti, sahihi iliyopo ni ya shangazi.

Na "limekaushwa juani"? Nilishaona chanja zao, wavu umevutwa juu ya mbao, mabondo yametandazwa. Ila siku za mvua nilimwona kijana anayaingiza kwenye chumba chenye joto la umeme. Nikamuuliza shangazi niandikeje. Akasema, "Wewe andika kwa Kichina vizuri, Kiswahili kiache." Nikamwambia shangazi, samahani, hapo siwezi. Karatasi mbili zenye sahihi moja haziwezi kusema mambo mawili, na mimi kazi yangu si kurekebisha mzigo kwa Kichina. Tukirekebisha, tunaanzia kwenye Kiswahili. Alinuna kidogo (wamama wa Kirumba mnawajua), akaenda kunywa chai, akarudi na kalamu. "Limekaushwa juani, na kwa joto la umeme siku za mvua." Akasaini upya. Ndipo nikatafsiri.

Mnunuzi alijibu baada ya siku tatu. Hakuulizia umeme hata kidogo. Aliuliza kama mabondo ni 公 au 母, dume au jike, kwa sababu kwao dume ni nene, halivurugiki kwenye supu, na lina bei yake. Karatasi ya shangazi haikuwa na safu hiyo. Nikampigia.

"Shangazi, shikamoo. Anauliza dume au jike."

"Marahaba. Mwambie hatujatenganisha."

Nikaandika 未分公母, nikatuma.